Kijikaratasi cha salfa: kuwaandikia watu wazima wasiozoea kusoma

Karatasi ya maelekezo ya kupuliza salfa kwenye mikorosho iliyofika kijijini kwetu, wilayani Tandahimba, ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kila kilichoandikwa humo kilikuwa sahihi. Kipimo cha dawa, siku za kurudia, muda wa kupuliza na tahadhari, vyote vilikuwamo. Lakini walioikabidhiwa waliikunja, wakaipeleka nyumbani, kisha wakaenda kumuuliza jirani apulizaje. Mimi naongoza darasa la kisomo cha watu wazima, na wengi wa wanadarasa wangu ndio wenye mikorosho hiyo. Viongozi wa chama chetu cha msingi wakaniomba niiandike upya, na kazi hiyo ndogo ndiyo iliyonifundisha mengi ninayoyaeleza hapa.

Kwanza niseme tunamwandikia nani, maana hapa ndipo waandishi wengi wanapopotea. Wanadarasa wangu si watu wasiojua korosho. Kuna mzee ambaye akishika kikonyo cha maua anakuambia mti huu utazaa au utakuhangaisha. Kuna mama aliyejifunza kusoma akiwa msichana kwenye madarasa ya Kisomo cha Manufaa ya miaka ya 1970, zama zile za kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, kisha akaolewa, akalima, akalea, na kwa miaka mingi hakupata kitu cha kusoma zaidi ya risiti ya mizani na ujumbe wa pesa kwenye simu. Herufi anazijua. Alichopungukiwa ni mazoezi. Anasoma silabi kwa silabi, kidole kikiwa chini ya mstari, na nguvu yake nyingi inaishia kwenye kuunganisha sauti, hivyo inabaki kidogo ya kushika maana. Kuna na wengine macho yameanza kuchoka na miwani hawana. Mtu wa namna hii ukimpa maandishi mepesi anasoma na kuelewa. Ukimpa maandishi mazito anasema, "Nimesahau miwani nyumbani, mwalimu, nisomee." Wakati mwingine miwani kweli hana. Wakati mwingine anajisitiri. Mimi simdadisi kati ya hayo mawili, namsomea. Ila karatasi naiwekea alama, kwamba pale pamemshinda.

Sentensi iliyobeba karibu karatasi nzima ilikuwa hivi:

"Inashauriwa kwamba zoezi la upuliziaji wa salfa ya unga lianze mara tu dalili za mashambulizi ya ugonjwa wa ubwiriunga zitakapobainika katika machipukizi na mashada ya maua, ambapo kiwango cha gramu 250 kwa kila mkorosho kitatumika kwa kila mzunguko, na marudio yatafanyika kila baada ya siku 14 hadi mizunguko 5, ilhali mkulima anapaswa kuhakikisha kwamba upuliziaji unafanyika kati ya saa 06:00 na 09:00 na haufanyiki wakati wa upepo mkali, sambamba na matumizi sahihi ya vifaa kinga."

Sikuanza kuibadilisha maneno. Nilikaa na kalamu nikajiuliza: ndani ya sentensi hii mkulima anatakiwa afanye mambo gani kwa mikono yake? Nikapata kukagua maua, kuvaa vya kujikinga, kupima salfa, kupuliza asubuhi, kusimama upepo ukianza, kurudia baada ya wiki mbili. Mambo sita yamefungwa kwenye sentensi moja. Halafu mpangilio wake umeenda kinyume na kazi yenyewe. Kujikinga kumewekwa mwisho, wakati shambani mtu anavaa kabla hajafungua mfuko. Msomaji mzoefu anaweza kupanga upya kichwani. Anayesoma silabi kwa silabi anafuata mstari ulivyo, na akifika kwenye vifaa kinga, kiakili ameshamaliza kupuliza. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kupanga maelekezo kwa mfuatano wa kazi, kuanzia mtu anapotoka nyumbani hadi anaporudi.

Hatua ya pili ni kupunguza mzigo wa maneno. Kiswahili chetu kina tabia ya kubeba mambo mengi ndani ya neno moja, na hiyo ni mali kwa anayesema ila ni mzigo kwa anayesoma polepole. Chukua "zitakapobainika". Lina silabi nane: zi-ta-ka-po-ba-i-ni-ka. Mwanadarasa wangu mmoja alilianza vizuri, akafika "po" akarudi nyuma, akaanza tena, na alipolimaliza alikuwa amesahau kinachobainika ni nini. Mahali pake niliandika "ukiona". Ni silabi nne, na ni neno ambalo mtu analisema kila siku: ukiona mvua, ukiona mgeni. Muundo wa "uki-" unabeba kazi yote ya "endapo", "iwapo" na "mara tu -takapo-", na hauchoshi. Vivyo hivyo "zoezi la upuliziaji lianze" likawa "anza kupuliza". Majina ya kiofisi yanayoishia na -aji au kuanzia na u-, kama upuliziaji, utekelezaji, uzingatiaji, karibu yote yana kitenzi cha kawaida kimejificha ndani yake. Kitoe kitenzi hicho, umpe mtu wa kukitenda, na nusu ya ugumu inaondoka.

Lakini urefu wa neno peke yake si kipimo. "Ubwiriunga" ni neno refu na lina "bwi" na "nga", silabi zinazowakwaza wanaoanza. Hata hivyo nililiacha kama lilivyo. Kila mkulima wa korosho huku Kusini analijua kwa mdomo, na akishasoma "ubwi-" masikio yake yanamalizia. Kinyume chake, "ilhali" ni fupi na lilimsimamisha kila mtu. Kwa hiyo swali ninalojiuliza kwa kila neno ni kama msomaji wangu amewahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu wanayekaa naye barazani. Salfa, mabibo, mfuko, bwana shamba, chama, mizani: hayo ni yao. Kiuatilifu, dalili bainishi, vifaa kinga: hayo ni ya ofisini. Kuna rafiki aliyenishauri niseme "dawa ya ukungu" badala ya ubwiriunga ili liwe jepesi. Nilikataa. Kumwondolea mtu neno analolijua na kumpa jepesi asilolitumia ni kumpotezea muda, na tena ni kumdharau.

Hapo nikafika kwenye namba, na namba ndizo zilizonichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu kwenye dawa namba ikisomwa vibaya mtu anapoteza mazao au anapoteza hela.

Gramu 250 ni namba sahihi, lakini shambani hakuna anayepima gramu. Mtu anajua kilo, kwa sababu anapima korosho na ananunua sukari. Basi nikaigeuza: gramu 250 kwa mti mmoja maana yake kilo 1 inatosha mikorosho 4. Na salfa huja kwenye mfuko wa kilo 25, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha mikorosho 100 kwa mara moja. Niliandika namba hizo kwa tarakimu, siyo kwa maneno. Wanaosoma kwa shida neno "ishirini na tano" wanaitambua 25 mara moja, kwa sababu wanaishi na namba za bei na namba za simu. Nilipomuuliza mzee mmoja mwenye mikorosho 60 atahitaji kilo ngapi, alinyamaza kidogo tu akasema, "Kumi na tano. Mfuko mmoja unabaki na kumi." Mzee huyu huyu alikuwa ameshindwa na mstari wa gramu. Hesabu haikuwa tatizo lake hata kidogo.

Saa nazo zina hatari ya pekee katika lugha yetu. Karatasi ya kwanza iliandika saa 06:00 hadi 09:00, kwa mtindo wa ofisini na wa kwenye simu. Mama mmoja aliisoma vizuri sana, bila kukwama: "Saa sita mpaka saa tisa." Yaani adhuhuri mpaka alasiri, jua likiwa kali na upepo umeamka, wakati mbaya kuliko wote wa kupuliza unga. Hakukosea kusoma. Alisoma saa za Kiswahili, kama kila mtu anavyosoma. Kwa hiyo kwenye kijikaratasi kipya imeandikwa "asubuhi, saa 12 hadi saa 3", na sababu imewekwa hapo hapo: wakati huo upepo umetulia na umande bado upo kwenye majani, salfa inanata. Sababu hiyo ni ulinzi wa pili. Hata mtu akisoma saa vibaya, neno umande litamrudisha, kwa maana hakuna umande saa sita ya mchana.

Kisha siku 14. Nilidhani hapa pataenda haraka. Msomaji mmoja alisoma "kila baada ya siku 14" akaelewa kwamba ni tarehe 14 ya kila mwezi. Mwingine akaelewa wiki mbili, ila akahesabu siku aliyopulizia kuwa ya kwanza. Nilijaribu "baada ya wiki mbili", nayo ikaleta ubishi: je, ukipuliza Jumatatu hii, wiki mbili ni Jumatatu ipi? Mwisho nikaandika kama tunavyopangiana shughuli wenyewe: "Ukipuliza Jumatatu, acha Jumatatu moja ipite. Jumatatu inayofuata, puliza tena." Ni sentensi mbili mahali pa maneno manne. Kijikaratasi kilirefuka kidogo, na sioni ubaya. Kurahisisha siyo kufupisha. Mara nyingi maandishi mafupi ni magumu kwa sababu mwandishi ameyabana, na mzigo wa kuyakunjua kamwachia msomaji.

Jambo jingine ninalotaka kulikalia ni kukanusha. Kwa Kiswahili, tofauti kati ya "upulize" na "usipulize" ni silabi moja iliyokaa katikati ya neno. Anayesoma polepole mara nyingi hushika mwanzo na mwisho wa neno, katikati akabahatisha. Nimewasikia kwa masikio yangu wakisoma "usipulize upepo ukivuma" kama "upulize upepo ukivuma", bila kushtuka. "Haufanyiki" nalo likasomwa "unafanyika". Ukiandika maelekezo ya dawa, silabi hiyo moja haiwezi kubeba usalama wa mtu. Kwa hiyo nilipitia karatasi nzima nikatafuta kila katazo, nikaligeuza kuwa la kutenda: "Upepo ukianza, simama. Malizia kesho asubuhi." Anayeruka silabi hapo bado anapata maana. Mahali pa "usitumie mfuko wa salfa kuhifadhia chakula" niliandika "Mfuko wa salfa ni wa salfa tu. Chakula kikae mbali nao." Na mahali pa "usivute sigara" nikaweka "Salfa inashika moto. Sigara na moto viwe mbali."

Sasa adabu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari uliosema wakulima wengi hupuliza kiholela kutokana na uelewa mdogo. Mstari huo sikuurahisisha, niliufuta. Haukuwa na kazi yoyote ila kumwambia mzee mwenye mikorosho ya tangu enzi za baba yake kwamba hajui kitu. Palikuwa pia na mchoro wa mkulima amekuna kichwa, mdomo wazi, kama wa kitabu cha watoto. Nao ukatoka. Pale sasa pamechorwa vikonyo viwili vya maua, kimoja kizima na kimoja kimeshikwa na unga. Ni mchoro wa mistari mitupu, kwa sababu picha ya kamera ukiipeleka steshenari kurudufiwa, ule unga mweupe unapotea na ua lote linakuwa doa jeusi.

Ngumu zaidi ilikuwa namna ya kuamuru. Kitenzi cha amri ndicho kifupi kuliko vyote: vaa, pima, puliza. Lakini huku kwetu huwezi kumtamkia bibi "vaa!" ukategemea akusikilize kwa moyo mweupe. Rasimu moja ilikuwa na "Lazima uvae miwani", na mama mmoja akaisoma hadi mwisho, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hii inatugombeza." Alikuwa na haki. Nilifikiria kutumia "tuvae, tupulize", nikaona si kweli, maana mwandishi wa karatasi hatakuwapo shambani. Nikafikiria kuanza kila mstari na "tafadhali", ikawa kama mtu anayeomba chumvi. Dawa niliyoipata ni kutanguliza sababu, ndipo amri ifuate: "Salfa inawasha macho. Vaa miwani ya vumbi." Sababu ikitangulia, msomaji anaamua mwenyewe, na amri inakuja kama jambo ambalo hata yeye angelisema. Mama yule yule aliposoma namna hii alisema tu, "Eeh, kweli inawasha," akaendelea na mstari wa chini.

Kwa sababu hiyo hiyo sikuandika popote "ubwiriunga ni ugonjwa wa mikorosho". Anaujua. Unamkosesha usingizi. Kuheshimu msomaji ni pamoja na kutomweleza anayoyajua kuliko wewe.

Baada ya kuzunguka huku na huku, kijikaratasi kikawa hivi:

SALFA YA UNGA KWENYE MIKOROSHO

Kukagua
Maua yakianza kutoka, pita shambani kila wiki.
Tazama majani machanga na maua.
Ukiona unga mweupe, ubwiriunga umeingia.
Anza kupuliza.

Kujikinga
Salfa inawasha macho na ngozi.
Vaa miwani ya vumbi na barakoa.
Vaa nguo ya mikono mirefu, suruali na viatu vya kufunika mguu.
Salfa inashika moto. Sigara na moto viwe mbali.
Watoto wabaki nyumbani.

Kupima
Kilo 1 inatosha mikorosho mikubwa 4.
Mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho mikubwa 100.
Kwa mikorosho midogo, muulize bwana shamba.

Kupuliza
Puliza asubuhi, saa 12 hadi saa 3.
Wakati huo upepo umetulia na umande bado upo.
Upepo ukianza, simama. Malizia kesho asubuhi.

Ukimaliza
Oga kwa sabuni. Fua nguo za kazi peke yake.
Mfuko wa salfa ni wa salfa tu. Chakula kikae mbali nao.

Kurudia
Ukipuliza Jumatatu, acha Jumatatu moja ipite.
Jumatatu inayofuata, puliza tena.
Kwa msimu mmoja, puliza hadi mara 5.

Kila mstari unaishia kwenye nukta, ili kidole kikifika mwisho kipumzike. Hakuna neno lililokatwa mwisho wa mstari likaendelea chini. Herufi ni za ukubwa wa 16, kwa ajili ya macho yaliyochoka, na herufi kubwa tupu zipo kwenye kichwa cha habari peke yake. Vichwa vidogo ni vya neno moja, na viliwekwa kwa makusudi: anayetaka kujua kipimo tu anaenda kwenye Kupima bila kusoma yote. Kwa msomaji mwenye kasi hayo ni mapambo. Kwa wanadarasa wangu ndiyo njia ya kuingia kwenye karatasi.

Utaona kuna sentensi ambazo si fupi sana. "Vaa nguo ya mikono mirefu, suruali na viatu vya kufunika mguu" ina mambo matatu, nikaiacha kwa sababu yote ni ya kuvaa na mtu anayavaa kwa mara moja. Niliwahi kuikata vipande vitatu, wasomaji wakaanza kusoma kwa mdundo kama wanahesabu, maana haikai. Vipande vifupi mno vinaondoa viungo vya maana: "kwa sababu", "ukiona", "wakati huo". Ukiondoa viungo hivyo, msomaji anabaki na maagizo yaliyotawanyika na hajui lipi linatokana na lipi. Kwa kukadiria, maneno kumi kwa sentensi yanatosha, na sentensi ikipita hapo nauliza kama inasema jambo moja au mawili.

Kujaribisha nako kuna namna yake. Kuuliza "Umeelewa?" hakusaidii, kwa kuwa mtu mwenye adabu atakujibu ndiyo. Mimi nakaa na mtu mmoja mmoja, pembeni, siyo mbele ya darasa, namwambia wazi kwamba ninayejaribiwa ni mimi niliyeandika. Anasoma kwa sauti. Mimi nina nakala yangu na kalamu ya risasi, naweka kistari kila anaporudi nyuma, kila anapobahatisha neno, kila anaponyamaza. Simsahihishi. Akimaliza namwomba kitu kimoja: "Mama, ukitoka hapa ukamkuta shemeji yako anakwenda kupuliza, utamwambia afanyeje?" Hapo ndipo ukweli unapotoka. Anayekumbuka kipimo lakini akasahau kujikinga ananionyesha sehemu isiyoonekana. Anayesimulia kwa neno lake mwenyewe ananipa neno la kuandika. "Maua yakianza kutoka" limetoka kwa mtu namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeandika "mikorosho ikianza kuchanua", na watatu tofauti walilisimulia kama kutoka maua.

Kistari kimoja kwa msomaji mmoja si habari. Vistari vikirundikana mahali pamoja kwa watu tofauti, pale sentensi ni mbovu, hata kama mwandishi anaipenda. Kwetu vilirundikana kwenye Kurudia, na ndiyo maana sehemu hiyo iliandikwa mara nyingi kuliko nyingine.

Rasimu ya mwisho nilimpelekea bwana shamba kabla ya kwenda steshenari, na yeye ndiye aliyeongeza neno "mikubwa" kwenye mikorosho 4 na 100, pamoja na mstari wa mikorosho midogo. Mimi nilikuwa nalenga wepesi, yeye akalinda ukweli. Mtu anayerahisisha maandishi ya dawa bila kumrudishia mwenye utaalamu anaweza kutoa karatasi tamu kusoma yenye kipimo kibaya.

Kuna kimoja ambacho kijikaratasi hiki hakikifanyi. Wakulima wengi siku hizi wanachanganya msimu: mara unga, mara dawa ya maji. Dawa za maji kila moja ina kipimo chake na siku zake za kurudia, na maelezo yako kwenye kibandiko cha chupa, kwa herufi ndogo ambazo hata mimi nazisogeza dirishani. Nilishawishika kuongeza sehemu ya dawa ya maji chini. Niliacha, kwa sababu namba mbili za dawa mbili kwenye karatasi moja, kwa mtu anayetafuta namba kwa kidole, zitabadilishana mahali siku moja. Kichwa cha habari kinasema salfa ya unga, na kwa dawa ya maji tutaandika karatasi nyingine yenye rangi yake.

Nyuma ya kijikaratasi palibaki patupu. Mama mmoja akapendekeza tuchore mistari mitano, kila mmoja na nafasi ya tarehe, ili mtu aandike siku aliyopuliza. Tumeichora. Kila mwaka kabla ya Juni bwana shamba anapitia upya namba za upande wa mbele, kisha ndipo chama kinatoa nakala za msimu mpya.